Safu ya Nne ya Daftari

Swali lilikuwa karibu na mwisho wa fomu ndefu iliyotumwa na mnunuzi wa chai wa ng'ambo: eleza jinsi unavyotumia zana za dijitali na akili unde katika kazi yako ya kila siku. Chini yake iliachwa mistari miwili. Katika kazi yangu ya kuandika habari za kilimo nimesoma majibu mengi ya maswali ya namna hii, na karibu yote hayana tofauti. Tunatumia teknolojia ya kisasa kuongeza ufanisi. Tunazingatia ubora. Ukimaliza kusoma hujui kama kiwanda kina kompyuta au kina kalamu tu.

Mama mmoja, mkuu wa zamu ya usiku katika kiwanda cha wakulima wadogo upande wa Bomet, alijaza mistari yote miwili, akageuza karatasi na kuendelea nyuma mpaka chini kabisa. Alinipa nakala nisome kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala kiwanda. Jibu lake lilianza hivi: "Kunyausha: unyevu napima kwa mashine, nahakiki kwa mkono. Hesabu hufanywa na jedwali la kompyuta. Fomula niliandikiwa na akili unde, ya kwanza ilikuwa na makosa, nikaikataa. Kuchacha: joto napima kwa kifaa, uamuzi ni wa pua. Kamera hatuna."

Hilo "kamera hatuna" ndilo lililonifanya nipande matatu kwenda kumtafuta. Mnunuzi hakuuliza kama wana kamera. Lakini habari za kamera zinazotambua chai iliyochacha zimeenea, na yeye alijua kwamba mtu wa mbali, akisoma maneno akili unde na kuchacha katika aya moja, ataiona kamera hata kama haipo.

Kujibu swali lile kwa ukweli si jambo jepesi katika nchi ya chai. Mbele ya mnunuzi, kishawishi ni kuongeza chumvi, maana kiwanda kinachoonekana cha kisasa huaminiwa upesi. Mbele ya majirani kishawishi hugeuka, ukatamani kuficha. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchunia majani ziliteketezwa Kericho wakati wa maandamano ya watu waliosema zimewanyang'anya vibarua, na tangu hapo mtu hasemi ovyo sokoni kwamba kazi yake sasa inafanywa na kompyuta. Kwa hiyo jibu moja huandikwa kwa ajili ya ng'ambo, jingine husemwa kwenye kituo cha kununulia majani, na yote mawili hayalingani na kinachofanyika kiwandani saa nane za usiku. Yeye ana jibu moja tu, na nilitaka kuona analipataje.

Analipata kwenye daftari. Ni daftari la kawaida lenye jalada gumu, limelowa pembeni kwa mvuke. Kila ukurasa ameugawa kwa rula: saa, mahali, namba, halafu safu ya nne nyembamba isiyotosha zaidi ya herufi moja. Humo huandika K ikiwa namba imesomwa kwenye kifaa, M ikiwa ameipata kwa mkono, pua au jicho, S ikiwa imetoka kwenye programu ya simu au kompyuta, na D ikiwa ni dhana yake tu. Herufi huandikwa papo hapo, pamoja na namba. Nilimuuliza kwa nini asiijaze asubuhi, zamu ikiisha, mikono ikiwa mikavu. "Asubuhi kila kitu kinakuwa K," akasema. "Ukishajua chai imetoka vizuri, unakumbuka kwamba ulipima."

Nilikaa naye usiku mmoja wa mvua. Lori la mwisho kutoka vituoni liliingia jioni, turubai likichuruzika. Wakulima walikuwa wamechuna majani mawili na kichipukizi kama inavyotakiwa, lakini yalikuwa yamelowa, na jani lililolowa hubeba maji ya aina mbili: yale yaliyo ndani yake na yale yaliyoshika juu. Mizani ya dijitali ya kituoni haiwezi kuyatenganisha. Yalimwagwa kwenye vitanda vya kunyaushia, ambavyo ni mahandaki marefu ya waya, feni ikipuliza hewa kutoka chini kupanda juu kwa saa 12 hadi 18.

Shabaha ya kunyausha ni kupunguza maji mpaka jani lilegee kiasi cha kukatwa vizuri na rola za CTC. Likiingia na maji mengi hushikamana mabonge, rola hupata joto, utomvu hudondoka chini, na baadaye kikaushio hula kuni kupita kiasi kwa sababu kinachemsha maji ambayo feni ingeyaondoa kwa bei rahisi. Likiwa kavu mno halikatiki, huchanika vipande vyepesi vya rangi ya kahawia. Usiku ule alilenga unyevu wa asilimia 70.

Mashine ya kupima unyevu ni mizani ndogo yenye taa ya joto juu yake. Unaweka gramu chache, inazikausha kwa dakika kadhaa na kukuonyesha asilimia. Nilidhani hapo kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo ustadi unapoanza, kwa sababu kitanda kina zaidi ya tani moja ya majani na mashine inapokea kiasi cha kujaza kiganja. Hewa hutoka chini, kwa hiyo majani ya chini hukauka kwanza na ya juu hubaki yamelowa. Anayechota juu juu atapata namba ya uongo kutoka kwenye kifaa cha kweli. Yeye alizamisha mkono mpaka waya, akatoa konzi ya chini, akatoa ya katikati, akatoa ya juu, akafanya hivyo kichwani mwa kitanda, katikati na mkiani, akachanganya kwenye sinia ndipo akapima. Ilitoka 82. Daftarini akaandika 82, K, na kando yake kwa mwandiko mdogo: "sehemu 9".

Sasa ile hesabu. Kitanda kilikuwa na kilo 1,200 zenye maji asilimia 82. Anataka kujua kitabaki na uzito gani kikifika asilimia 70, maana uzito huo ndio unaomwambia feni ipulize kwa saa ngapi na kama anahitaji hewa ya moto kutoka kwenye boila. Zamani alifanya kwa kalamu. Mwaka uliopita aliomba programu ya akili unde kwenye simu imwandikie fomula ya jedwali la kompyuta, ambamo B2 ni uzito, C2 ni unyevu wa sasa na D2 ni unyevu anaoutaka, zote mbili zikiandikwa na alama ya asilimia. Aliletewa hii:

```
=B2*(1-(C2-D2))
```

Inaonekana ya busara. Kutoka 82 hadi 70 ni tofauti ya 12, basi toa asilimia 12 ya 1,200, zibaki kilo 1,056. Maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa marefu na yenye adabu. Yeye hakuyasoma mpaka mwisho. Alichukua kalamu na kuanza upande mwingine, upande wa kitu ambacho feni haiwezi kukigusa. Katika kilo 1,200 zenye maji asilimia 82, jani kavu ni asilimia 18, yaani kilo 216. Feni ikipuliza usiku kucha, kilo hizo 216 hazipungui, kinachoondoka ni maji. Unyevu ukifika asilimia 70, zile 216 zitakuwa asilimia 30 ya uzito wote. Gawanya 216 kwa 0.30, upate 720.

```
=B2*(1-C2)/(1-D2)
```

Tofauti kati ya 1,056 na 720 si ndogo. Ukisimamisha feni kitanda kikiwa na kilo 1,056, majani yana kilo 840 za maji juu ya 216 kavu, na huo ni unyevu wa karibu asilimia 80. Kwa maneno mengine, hujanyausha kitu. Umeondoa sehemu ya yale maji ya mvua yaliyoshika juu, basi.

Alipoiambia programu kwamba jani kavu halibadiliki, ilikubali mara moja na kutoa fomula ya pili. Jambo hilo halikumfurahisha wala kumkasirisha. Alichofanya ni kuijaribu ile ya pili kwa hali ambayo jibu lake analijua tayari: kilo 1,200 za siku kavu, unyevu 78. Jani kavu ni 264, gawanya kwa 0.30, ni 880. Jedwali likatoa 880. Hapo ndipo aliiruhusu iingie kazini, na ndipo alipojua jinsi ya kuliandika jambo hilo kwenye fomu ya mnunuzi: fomula ya S, imehakikiwa kwa mkono. Nilipenda kwamba hakuandika "programu ilikosea" kisha akaachia hapo, ingawa ingempa sifa. Aliandika pia kwamba tangu siku ile anaitumia kila usiku na inamwokolea muda.

Na ukiangalia zile namba mbili utaona mvua inavyomgharimu. Siku kavu, kitanda kinapaswa kupoteza kilo 320 za maji. Usiku ule kilipaswa kupoteza 480, mara moja na nusu, na hewa ya kuyabeba yenyewe ilikuwa imeshiba. Ukutani pana vipimajoto viwili, kimoja kimevikwa kitambaa kilicholowa. Hewa ikiwa kavu, kile chenye kitambaa hushuka mbali na mwenzake. Usiku ule tofauti yao haikufika nyuzi 2. Akaagiza hewa ya moto kidogo kutoka kwenye boila, akataja saa ya kuifunga, na akaandika ile saa kwa herufi D. Nilishangaa, maana alikuwa amehesabu. Akaniambia uzito ni hesabu, ila saa ngapi hewa ya Bomet itakubali kubeba maji hayo ni dhana, na dhana huandikwa dhana.

Alfajiri alirudi kwenye kitanda kabla hata hajawasha mashine ya unyevu. Alichukua konzi, akaikamua kwa nguvu, akafungua kiganja. Jani bichi hufunguka kwa kuruka na kikonyo chake huvunjika kwa sauti. Lililonyauka vizuri hukaa kama tonge, kisha hulegea polepole, na kikonyo hupinda bila kukatika. Akaandika "tayari, chini mapema kidogo", M. Ndipo akapima. Ilitoka 71. Huo mpangilio, mkono kwanza na kifaa baadaye, ni wa makusudi. Akianza na kifaa, mkono utakubaliana nacho tu, na hatajua tena kama mkono bado unajua kitu.

Kutoka kwenye rola, majani yaliyokatwa huangukia mkanda mrefu unaotembea taratibu, na hapo huchacha. Tunasema kuchacha, lakini hakuna hamira. Jani limepasuliwa, hewa imeingia, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani yake kinakutana na vitu vya uchungu na kuvigeuza. Kwanza hujengeka theaflavini, ambazo hukipa kikombe mng'ao na ule ukali mtamu unaochangamsha ulimi. Zikifika kilele huanza kupungua, zikigeuka vitu vizito zaidi vinavyoongeza rangi na mwili lakini vinazima mng'ao. Ukikatisha mapema unapata chai ya kijani kijani, chungu. Ukichelewa unapata chai nyekundu iliyolala. Kati ya hapo kuna dakika chache, na dakika hizo hazikai mahali pamoja: zinategemea aina ya miche, joto la usiku, jinsi jani lilivyonyauka na jinsi rola zilivyonolewa. Baada ya hapo kikaushio hufunga kila kitu kwa hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100, na chai hutoka ikiwa na maji asilimia 3 hivi. Hakuna kurudi nyuma.

Kipimajoto chenye ncha ndefu huchomekwa kwenye tabaka la majani, na yeye hukiamini. Uchachaji wenyewe huzalisha joto, na tabaka nene likipita nyuzi 30 chai hulala hata kama saa inaonyesha muda bado. Lakini kipimajoto humwambia hali, hakimwambii wakati. Wakati huupata kwa kuinama. Alichota kutoka katikati ya mkanda, si ukingoni ambako hewa ni nyingi na rangi hudanganya, akaweka konzi karibu na uso, akavuta pumzi moja fupi. Mwanzoni mwa mkanda harufu ni ya nyasi iliyokatwa. Mbele kidogo nyasi huisha na pua hubaki haina kitu cha kushika. Halafu hupanda harufu tamu ya tunda, karibu na tofaa lililoiva, na rangi huwa ya shaba. Harufu hiyo hupanda, hukaa, kisha huanza kuwa bapa. Yeye hupeleka kwenye kikaushio kabla haijawa bapa, wakati bado inapanda, kwa sababu mkanda una urefu na majani yatazidi kuchacha mpaka yaguse moto. Alisogeza kidhibiti cha mwendo kwa kiasi ambacho mimi nisingekiona kama si sauti ya mota. Mzee wa kikaushio, aliyekuwa akimwangalia kwa mbali, akaitikia kwa kichwa na kufungua mlango wa kuni.

Kuhusu hizo kamera, utafiti upo na ni wa kwetu. Mwaka 2020 Gibson Kimutai na wenzake walichapisha kazi yao ya kuifundisha kompyuta kutambua uchachaji kwa picha, ikizigawa katika makundi matatu: chai ambayo haijachacha, iliyochacha, na iliyopitiliza. Picha zilitoka hapa Kenya. Mama huyu anaijua kazi hiyo na anaisifu bila kinyongo. Maswali anayoyauliza ni ya mtu wa mkandani. Kamera inaona uso wa tabaka, na uso hupata hewa kuliko ndani. Taa ya kiwandani ikibadilishwa, shaba ya leo si shaba ya jana. Mvuke hushika kioo. Na makundi matatu yanatosha kumzuia mgeni asiharibu, ila yeye anatafuta dakika ndani ya lile kundi la katikati. Yote hayo aliyaandika kwenye fomu kwa sentensi moja baada ya "kamera hatuna": "Ikija, itatufaa kwanza kwa zamu zenye watu wapya."

Pua nayo huhukumiwa, tena na watu wasiomjua. Sampuli za kila fungu huteremshwa Mombasa, madalali huzionja na kuandika maoni yao kabla ya mnada, ambao tangu 2020 unafanyika kwa kompyuta. Maoni hayo hurudi kiwandani yakiwa mafupi sana: changamfu, yenye mwili, imelala kidogo. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiyanakili, kisha akaipa programu ya akili unde iyapange kwa tarehe. Ilipanga vizuri, haraka kuliko mtu yeyote ofisini, na ikaonyesha kwamba maoni ya "imelala" yamerundikana katika wiki mbili. Halafu ikaongeza sentensi ambayo hakuiomba: sababu yake ni mvua nyingi za kipindi hicho.

Katika karatasi alizoipa hapakuwa na neno hata moja la mvua. Ilikuwa sababu inayoaminika, ya kuokota hewani. Akatoa madaftari ya wiki zile na kupita kwenye safu ya nne. Mvua ilikuwa ya kawaida. Alichokiona ni kwamba joto la mkanda, lililokuwa K kila usiku, katika wiki zile mbili lilikuwa M. Kipimajoto kilikuwa kimeharibika, watu wakawa wanapima kwa kugusa, na hakuna aliyelalamika kwa sababu namba ziliendelea kuandikwa. Bila ile herufi, 27 ya kifaa na 27 ya kiganja zingefanana kabisa. Kwenye fomu akaandika: "Akili unde ilipanga maoni ya waonjaji na ikaonyesha wiki. Sababu tuliitafuta daftarini." Mtu mwingine angeandika kwamba akili unde iligundua tatizo la ubora, na asingeona kwamba amedanganya.

Matumizi anayoyaonea haya kidogo, na ambayo hata hivyo ameyaandika, ni ya barua. Kiingereza chake cha kuzungumza ni kizuri, cha kuandika humchosha, na ripoti ya zamu lazima iende kwa Kiingereza. Huandika rasimu yake, programu huisafisha. Alinionyesha rasimu moja pamoja na kilichorudi. Yeye aliandika kwamba joto la mkanda lilipanda na walichukua dakika 40 kulishusha. Iliyosafishwa ilisema, kwa Kiingereza safi sana, kwamba ongezeko la joto lilidhibitiwa kwa haraka. Zile dakika 40 zilikuwa zimetoweka. Hakuna aliyeiambia ifiche kitu. Lugha ya ripoti za kampuni ndivyo ilivyo, na programu imejifunza kutoka humo. Kwa hiyo ana desturi: kabla ya kutuma huhesabu namba za rasimu na namba za nakala safi. Zikipungua, hurudia. Kisha hutafuta maneno yanayosifu, huyatoa.

Tangazo kwa wakulima haandiki hivyo kabisa. Alijaribu kulipata kwa Kikipsigis, akaletewa maneno nusu yake hayajulikani na mtu. Siku hizi huliandika mwenyewe. Na kuna vitu haviingii kwenye programu hata siku moja: namba za wakulima, kilo zao, malipo yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini yeye hakuitaja sheria. Alisema kilo za mtu ni siri yake na mkewe, wakati mwingine hata mkewe hajui.

Swali la fomu lilikuwa na kipande cha pili ambacho wengi hukiruka: je, mna mpango gani wa siku zijazo? Hapo ndipo alipogeuza karatasi. Hakuandika kwamba wanatarajia kupanua matumizi ya teknolojia. Aliandika jaribio. Kamera ifungwe juu ya mkanda uleule anaonusa yeye, kwa msimu wa mvua na kwa kiangazi, si mmojawapo tu. Kila usiku kamera iandike dakika yake na yeye aandike yake, kila mmoja kabla ya kuona ya mwenzake. Wasipokubaliana, tabaka ligawanywe, sehemu moja iende motoni kwa dakika ya kamera na nyingine kwa dakika ya pua, zifungwe kwenye mifuko yenye herufi tu. Mombasa zionjwe kwa kipimo kilekile cha kawaida, gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, na mwonjaji asiambiwe mfuko upi ni wa nani. Mwishoni akaongeza kwamba gharama ya mifuko na usafiri wa sampuli ni ndogo, kiwanda kinaweza kuilipa, na kwamba kamera ni juu ya mnunuzi.